Uzi: Kaya 420 lakini vijiji ni 14 tu, kosa sanifu lipi ndilo la kuamini?

MdauKilolo ameandika:

Wakuu, heshima kwenu. Kamwene wa Iringa wote.

Nina data ya mavuno ya mahindi, Kilolo na Mufindi, vijiji saba kila wilaya. Vijiji vyote 14 viliingia kwenye kura moja, saba vikapata mafunzo ya upandaji wa nafasi na matumizi ya mbolea, saba havikupata. Kila kijiji tulihoji kaya 30, jumla 420. Mavuno yako kwa gunia kwa ekari.

Regresheni ya kawaida kwenye Stata inanipa koefishenti ya mafunzo 1.6, kosa sanifu 0.50, p = 0.0015. Safi kabisa. Msimamizi akasema niweke klasta kwa kijiji, yaani kaya za kijiji kimoja zichukuliwe kama kundi moja. Nikaweka, kosa sanifu likawa 0.61 na p = 0.040. Mwenzangu anayetumia R kachukua faili lake, kapata kosa sanifu 0.82 na p = 0.052. Koefishenti ni ileile 1.6 kwetu sote. Nani yuko sahihi? Na kwa nini klasta inapandisha kosa wakati kaya ni zilezile?

---

Kipimo_Mbeya ameandika:

Mkuu, kabla ya lolote, bandika mstari ule mdogo ambao Stata inauchapa juu ya jedwali la matokeo. Umeandikwa "Std. err. adjusted for ... clusters in ...". Unasoma ngapi?

---

MdauKilolo ameandika:

Unasoma hivi: (Std. err. adjusted for 7 clusters in kijiji)

---

Kipimo_Mbeya ameandika:

Hapo ndipo penye shida ya kwanza. Vijiji ni 14, Stata inaona saba. Bila shaka namba za vijiji zimeanza 1 hadi 7 Kilolo, kisha zikaanza tena 1 hadi 7 Mufindi. Kwa hiyo kijiji namba 3 cha Kilolo na namba 3 cha Mufindi vimegundishwa vikawa klasta moja, ingawa kati yao kuna milima na pengine kimoja kilipata mafunzo na kingine hakikupata. Hiyo 0.61 haina maana yoyote. Ingeweza kutoka ndogo au kubwa, ni bahati nasibu ya namba.

Tengeneza kitambulisho kimoja:

```
egen kid = group(wilaya kijiji)
reg mavuno mafunzo, vce(cluster kid)
```

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Ukitumia jina la kijiji badala ya namba, mwandishi mmoja akaacha nafasi mwishoni mwa jina au akaandika herufi kubwa, kijiji kimoja kinakuwa viwili. Hapo klasta zinaongezeka na kosa sanifu huwa linashuka kwa uongo. Mstari huo wa Stata usomwe kila mara kabla ya kuangalia p.

---

Mwalimu wa Tukuyu ameandika:

Mnajisumbua. Kuna `robust`. Weka `vce(robust)` na kosa sanifu linakuwa imara, ndiyo maana ya jina. Sisi kwenye data za mitihani ya shule tunafanya hivyo siku zote.

---

Kipimo_Mbeya ameandika:

Mwalimu, nusu ya hoja yako iko sawa. `robust` inatibu hali ya kaya moja kutawanyika zaidi ya nyingine, kwa mfano wenye ekari nyingi kuyumba kuliko wenye robo ekari. Lakini bado inachukulia kwamba kila kaya inasimama peke yake. Kaya 30 za kijiji kimoja hazisimami peke yake: mvua ilikatika siku ileile kwa wote, afisa ugani ni mmoja, duka la pembejeo ni moja, na mbolea ya ruzuku ikichelewa inachelewa kwa kijiji kizima. Ukiijua kaya ya kwanza umeshaijua sehemu ya kaya ya pili kabla hujamhoji mwenyewe.

Kwa data ya mkuu hapa ngoja tuipige hesabu. Tuite rho ule mfanano wa ndani ya kijiji. Mafunzo yakiwa yametolewa kwa kijiji kizima na kila kijiji kina kaya m zilizo sawa kwa idadi, varianzi inazidishwa takriban mara

```
1 + (m - 1) * rho
```

Rho ikiwa 0.058, ambayo sekta ya kilimo hakuna atakayeishangaa, unapata 1 + 29 × 0.058 = 2.68. Kipeuo chake cha pili ni 1.64. Zidisha 0.50 kwa 1.64, unapata 0.82. Ndiyo namba ya mwenzako wa R. Tazama kwamba rho yenyewe ni ndogo, mtu angeidharau. Kinachouma ni ile 29 inayoizidisha. Moulton aliionyesha hatari hii tangu 1990 na bado watu wanaingia humohumo.

Shule nazo ni vilevile, Mwalimu. Tena kwenye alama za mitihani mfanano wa ndani ya shule huwa mkubwa kuliko huu wa mashamba.

---

MdauKilolo ameandika:

Nimetengeneza `kid`. Sasa inasema 14 clusters, kosa sanifu 0.82 kama R. Asante sana mkuu. Lakini p yangu ni 0.073 na ya mwenzangu bado 0.052! Koefishenti sawa, kosa sanifu sawa, t sawa 1.95. Inawezekanaje?

---

Sabuni_ya_Data ameandika:

Hii ndiyo niliyokuwa naisubiri. Inakula watu wengi kimyakimya.

t ni ileile, meza ya kuisomea ndiyo tofauti. Stata kwenye `reg` yenye klasta inasoma t kwa digrii za uhuru G toa 1, G ikiwa idadi ya klasta, yaani 14 − 1 = 13. Kizingiti cha asilimia 5 hapo ni 2.16. Mwenzako naona katumia `coeftest`, ambayo usipoiambia chochote inachukua kaya toa vigezo, 420 − 2 = 418, na kizingiti kinakuwa karibu 1.97. Mwambie afanye hivi:

```
m <- lm(mavuno ~ mafunzo, data = d)
V <- sandwich::vcovCL(m, cluster = ~kid, type = "HC1")
lmtest::coeftest(m, vcov = V)           # p = 0.052
lmtest::coeftest(m, vcov = V, df = 13)  # p = 0.073
```

Mstari wa mwisho utalingana na Stata. Angetumia `feols` ya kifurushi cha `fixest` angepata 13 bila kuomba.

Na wewe wa Stata usijione umepona. Ukihamia `logit`, tuseme unapima kama kaya ilitumia mbegu bora au la, Stata inachapa z badala ya t, na inasoma kwenye meza ya kawaida yenye kizingiti 1.96 hata kama una vijiji 14 tu. Hakuna onyo lolote linalotokea.

---

Binti Mporoto ameandika:

Samahani kwa kuuliza la kitoto. Kwa nini 13? Kaya 420 zimekwenda wapi?

---

Sabuni_ya_Data ameandika:

Si la kitoto dada. Mafunzo yalipigiwa kura kwa vijiji, si kwa kaya. Swali "mafunzo yanaongeza gunia ngapi" linajibiwa kwa kulinganisha vijiji saba na vijiji saba. Kaya 30 kazi yake ni kukupa wastani mzuri wa kila kijiji, basi. Fanya jaribio hili: chukua wastani wa mavuno kwa kila kijiji, faili libaki na mistari 14, kisha linganisha makundi mawili kwa t ya kawaida. Kwa kuwa kaya ziko 30 sawasawa kila mahali, koefishenti itatoka 1.6 ileile.

Ila kosa sanifu litatoka 0.853 badala ya 0.82, digrii za uhuru 12, na p = 0.085. Tofauti hii ina sababu. Ile hesabu ya Stata inanyoosha varianzi kwa G/(G−1), hapa 14/13. Lakini kila kundi lina wastani wake uliokadiriwa kutoka vijiji saba, kwa hiyo marekebisho ya haki ni 7/6. 14/13 ni 1.08, 7/6 ni 1.17. Yaani hata lile kosa la klasta ulilopata bado limeshuka kidogo kuliko inavyotakiwa, kwa sababu vijiji ni vichache.

Kuna njia ya kulipata bila kuvunja data kuwa wastani:

```
clubSandwich::coef_test(m, vcov = "CR2", cluster = d$kid)
```

Kwa data iliyolingana kama hii CR2 inakupa 0.853 na digrii 12, sawasawa na ile ya wastani. Data isipolingana, digrii zitashuka zaidi, na hapo ndipo utaona thamani yake. Nimeshaona faili la klasta 20 linalotoa digrii 5 kwa sababu kijiji kimoja kilikuwa na nusu ya kaya zote.

---

Mnyalu_Takwimu ameandika:

Mimi nashangaa hakuna aliyetaja dami za vijiji, yaani kigezo cha 0 au 1 kwa kila kijiji. Weka `i.kid`, mambo yote ya kijiji (mvua, udongo, afisa ugani) yanaondoka, mabaki yanakuwa huru, huhitaji klasta. Kazi imekwisha.

---

Kipimo_Mbeya ameandika:

Kazi imekwisha kweli, kwa maana mafunzo nayo yameondoka pamoja na mvua. Ndani ya kijiji kimoja kaya zote zina mafunzo = 1 au zote zina 0. Dami za vijiji zikishachukua kila kinachotofautisha kijiji na kijiji, mafunzo hayana pa kusimama. Ukitumia `areg` na `absorb(kid)` Stata itakwambia wazi kwamba imeyatupa.

Hatari zaidi ni `reg mavuno mafunzo i.kid`. Hapo Stata inaweza kuacha mafunzo na kutupa dami ya kijiji kingine. Jedwali linatoka na koefishenti ya mafunzo iliyonona, yenye p nzuri, na mtu anaishangilia. Namba hiyo ni tofauti kati ya kijiji kimoja chenye mafunzo na kijiji kimoja kisicho nayo, vile viwili ambavyo dami zao hazimo. Vijiji 12 vilivyobaki havina sauti.

Dami za wilaya ni jambo jingine, hizo unaweza kuziweka. Dami za vijiji zina kazi pale ambapo ndani ya kijiji kuna waliopata na wasiopata.

---

Mnyalu_Takwimu ameandika:

Sawa, kwa mafunzo ya kijiji kizima nimekubali. Lakini kama kura ilipigwa kwa kaya ndani ya kijiji, dami zinatosha na klasta ni mbwembwe.

---

Kipimo_Mbeya ameandika:

Kura ikiwa ya kaya kweli, na vijiji unavyovizungumzia ni hivyohivyo ulivyonavyo, nakubaliana nawe kwa kiasi kikubwa. Ukitaka kusema habari ya vijiji vingine ambavyo hukuvifikia, na faida ya mafunzo inatofautiana kijiji hadi kijiji, basi klasta inarudi mezani.

---

MdauKilolo ameandika:

Sasa p ziko nne: 0.0015, 0.052, 0.073, 0.085. Msimamizi atanicheka. Niongeze kaya? Bado tuna bajeti kidogo ya kurudi Kilolo na Mufindi.

---

Sabuni_ya_Data ameandika:

Usiongeze kaya kwenye vijiji vilevile, utachoma mafuta bure. Gawanya 420 kwa 2.68, unapata kama kaya 157 zenye thamani ya kaya huru. Ukienda kaya 60 kila kijiji, jumla 840, kile kizidishio kinakuwa 1 + 59 × 0.058 = 4.42, na 840 ukigawa kwa 4.42 ni 190. Umehoji kaya 420 mpya ukapata faida ya 33. Kaya hizohizo 420 ukizipeleka kwenye vijiji vipya 14, thamani inakuwa 313. Tatizo ni kwamba vijiji vipya vilipaswa kuwa kwenye kura ya mwanzo, huwezi kuvichomeka sasa kama vile vilikuwepo.

Kuhusu p, mbili za kwanza zitupe. Ya kwanza inasema kaya ni huru, ya pili inasoma meza isiyo yake. Ongeza jaribio moja linalofaa klasta chache:

```
reg mavuno mafunzo, vce(cluster kid)
boottest mafunzo, reps(9999) seed(1414)
```

Inachofanya ni hiki. Inakadiria upya ikiwa imelazimisha mafunzo yawe sifuri, inachukua mabaki, halafu inarusha shilingi kwa kila kijiji. Kikiangukia upande mmoja, mabaki ya kaya zote 30 za kijiji hicho yanageuzwa ishara kwa pamoja. Kijiji hakivunjwi, ndiyo siri yake. Inajenga mavuno mapya, inapiga t, inarudia mara 9999, kisha inaangalia t yako ya 1.95 inakaa wapi kati ya hizo. Vijiji 14 vina njia 2^14 za kuangukia, yaani 16384, zinatosha.

---

MdauKilolo ameandika:

`boottest` imetoa p = 0.091.

---

Sabuni_ya_Data ameandika:

Iko jirani na 0.085 ya CR2, kama ilivyotarajiwa. Andika koefishenti 1.6, kosa sanifu 0.853, digrii 12, na hiyo 0.091 pembeni. Taja vijiji 14 kwenye jedwali lenyewe, usiwaache wasomaji waone 420 peke yake. Gunia 1.6 kwa ekari si jambo dogo kwa mkulima, ila data hii haijalithibitisha kwa uhakika ule uliodhani unao.

---

Nesi_Mbalizi ameandika:

Naomba nami nisaidiwe hapahapa, naona yanaendana. Zahanati 6, miezi 24, mistari 144. Zahanati 2 zilianza kuwatumia wajawazito ujumbe wa simu wa kuwakumbusha tarehe ya kliniki, kuanzia mwezi wa 13. Napima idadi ya waliohudhuria. Nimeweka klasta kwa zahanati na mwezi, Stata ikasema 144 clusters. Kwa hiyo mimi niko salama kuliko MdauKilolo, siyo? Yeye ana 14.

---

Kipimo_Mbeya ameandika:

Hapana dada, pole. Mistari 144 na klasta 144 maana yake kila klasta ina mstari mmoja. Hiyo ni `robust` ya Mwalimu iliyovaa koti jingine. Zahanati iliyo na wahudhuriaji wengi Machi inakuwa nao wengi pia Aprili, kwa sababu wahudumu ni walewale na kata inayoihudumia ni ileile. Klasta inatakiwa iwe zahanati, na miezi yake yote 24 ndani. Una klasta 6.

Na kati ya hizo 6, mbili tu ndizo zenye ujumbe. Hapo hata `boottest` inayumba. Ukilazimisha sifuri, huwa inakataa kutambua kitu hata kama kipo. Usipolazimisha, inatambua visivyokuwepo. Ukiona hizo mbili zinakupa p zilizo mbali sana, jua ndiyo dalili.

Njia nyingine ni kuuliza: zahanati mbili kati ya sita zingeweza kuchaguliwa kwa njia ngapi? 15. Piga tofauti yako kwa kila jozi kati ya hizo 15, uone jozi ya kweli iko nafasi ya ngapi. Hata ikiwa ya kwanza kabisa, p ni 1/15, sawa na 0.067. Kwa hiyo chini ya 0.05 hufiki kwa njia hiyo, data iwe nzuri namna gani. Na yote hayo ni ikiwa zile mbili zilichaguliwa kwa kura.

---

Nesi_Mbalizi ameandika:

Hazikuchaguliwa kwa kura. Ni zile zenye mtandao mzuri wa simu.

---

Mnyalu_Takwimu ameandika:

Basi mwambie achukue wastani wa kabla na wa baada kwa kila zahanati, apate tofauti sita, alinganishe mbili na nne kwa t yenye digrii 4. Kizingiti 2.776. Inawezekana kabisa kupita.

---

Kipimo_Mbeya ameandika:

Inawezekana kupita, lakini hapo unaiomba namba mbili zikupe mtawanyiko wa kundi zima, na unadai mtawanyiko huo ni sawa na wa zile nne zisizo na mtandao. Mimi ningeripoti tofauti zote sita kwenye mchoro mmoja na nisiandike p kabisa. Najua wahariri hawapendi.

---

Binti Mporoto ameandika:

Turudi kwa MdauKilolo kidogo. Afisa ugani mara nyingi anahudumia kata, si kijiji. Hivyo vijiji 14 viko kata ngapi? Kama vijiji viwili vya kata moja vina afisa mmoja, navyo si huru.

---

MdauKilolo ameandika:

Kata 5. Na ndiyo, kata moja ina afisa mmoja. Kuna kata yenye vijiji vya mafunzo na visivyo na mafunzo.

---

Sabuni_ya_Data ameandika:

Swali zuri. Mimi nabaki na kijiji. Kura ilipigwa kwa kijiji, na klasta inafuata pale kura ilipopigwa au pale sampuli ilipochotwa. Mafunzo yakichanganyika ndani ya kata, ule mfanano wa kata haupendelei upande mmoja.

---

Kipimo_Mbeya ameandika:

Kwa kura ya kweli nakubali. Wasiwasi wangu ni afisa yuleyule kwenda kijiji kisicho na mafunzo akafundisha yaleyale, kwa kuwa ndiyo njia yake ya kila wiki. Hilo linaishusha ile 1.6 yenyewe, na hakuna klasta inayolitibu. Klasta 5 nazo siwezi kumshauri mtu azitumie. MdauKilolo, kwenye dodoso mliuliza kaya zisizo na mafunzo kama zilimwona afisa msimu ule?

---

MdauKilolo ameandika:

Tuliuliza, swali la 31. Bado halijaingizwa kwenye faili. Naanza nalo kesho, nitaweka majibu kwa kata.